Jiwe la milimita 8 limekuwa 6: ni mizizi imeliyeyusha?

*Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, mkulima wa korosho hapa Newala. Wiki tatu zilizopita nilishinda shambani nikipuliza salfa, na usiku wake nikashikwa na maumivu ya ubavu wa kulia yaliyoshuka mpaka kwenye korodani, nikatapika. Wazee wakasema ni ngiri. Kesho yake nilipigwa ultrasaundi, majibu yakasema kuna jiwe la milimita 8 kwenye mdomo wa figo ya kulia, figo hiyo imejaa maji kwa kiwango cha wastani, na figo ya kushoto ina jiwe la milimita 5. Nikaanza dawa ya mizizi. Siku ya 12 maumivu yakarudi, nikapelekwa Mtwara mjini kupigwa siti skani. Huko wakaandika jiwe la kulia ni milimita 6 kwa 5, liko chini karibu na kibofu, HU 1100, figo imejaa maji kidogo. La kushoto ni milimita 3. Sasa ni siku ya tano sisikii maumivu yoyote, wala sijaona jiwe likitoka. Mwenye dawa anasema limeyeyuka, ninunue dozi nyingine limalizike. Mke wangu anataka nirudi kupimwa, ila mimi naogopa mionzi. Na figo kujaa maji ndiyo inaoza? Utotoni nilikoga sana mabondeni kwa Ruvuma na nilikojoa damu kama watoto wengi wa kwetu, sijui kama inahusiana. — Msomaji, Newala*

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa usiku ule.

Pesa ya dozi ya pili ya mizizi iweke kwanza, maana utaihitaji kwa nauli. Jiwe lako halijayeyuka, na jibu la hilo liko kwenye karatasi uliyoletewa kutoka Mtwara, pale palipoandikwa HU 1100. Siti skani hukipa kila kitu mwilini namba kulingana na kinavyozuia miale. Maji ni 0, na mfupa mgumu hupita 1000. Yapo mawe ya figo yanayoweza kuyeyushwa kwa dawa ya kunywa inayopunguza ukali wa mkojo, nayo ni mawe ya asidi ya yuriki, ambayo kwa kawaida namba yake huwa chini ya 500. Jiwe lenye 1100 lina tabia ya mawe ya kalsiamu, na jiwe la kalsiamu haliyeyushwi na dawa yoyote ya kunywa, iwe ya duka la dawa au ya porini. Huvunjwa, hutolewa, au hutoka lenyewe.

Basi zile milimita 2 zimekwenda wapi? Hazikuwahi kuwepo. Ultrasaundi hupeleka sauti na kusikiliza mwangwi wake. Jiwe ni gumu, kwa hiyo linarudisha mwangwi mkali, na kwenye skrini mwangwi huo husambaa pembeni kama taa ya pikipiki kwenye ukungu: mng'ao unakuwa mpana kuliko taa yenyewe. Kwa mawe madogo kama lako, mpimaji akipima mng'ao hupata kitu kama milimita 1 au 2 za ziada. Wapimaji wengine hupima upana wa kivuli cheusi kinachotupwa nyuma ya jiwe, na hapo hukaribia ukweli zaidi. Siti skani hailipimi jiwe kwa mwangwi, bali hulikata picha nyembambanyembamba, na ndiyo maana tukitaka ukubwa wa kutegemea tunaufuata huko. Angalia na jiwe lako la kushoto: nalo lilianza na 5 likaishia 3. Mwenye dawa atafurahi kusema ameyapunguza yote mawili. Mimi naona tofauti ileile, pande zote mbili, na ni tofauti ileile ninayoitarajia kila mtu anapotoka mashine moja kwenda nyingine.

Kilichobadilika kweli ni mahali, na hiyo ndiyo habari kubwa kwenye karatasi zako mbili, kuliko hata ukubwa.

Kutoka figo hadi kibofu kuna mrija mwembamba, ureta, wenye urefu wa sentimita 25 hivi. Una sehemu tatu zenye kubana: pale unapoanzia kwenye mdomo wa figo, pale unapopita juu ya mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na pale unapopenya ukuta wa kibofu, ambapo ndipo pembamba kuliko kote. Ultrasaundi ilikukuta jiwe likiwa mlango wa kwanza. Siku ya 12 siti skani ikalikuta mlango wa tatu. Yale maumivu yaliyorudi yanaendana kabisa na jiwe lililokuwa linateremka na kukwama tena. Kama siku hiyo ungepigwa ultrasaundi badala ya siti skani, na jiwe likawa limekaa katikati ya mrija, pengine ungeambiwa halipo. Gesi ya utumbo huziba njia ya sauti, hivyo sehemu ya katikati ya ureta kwa kawaida haionekani. Ultrasaundi huona vizuri figo, na huona mwisho wa chini kwa kuchungulia kupitia kibofu kilichojaa. Hapo katikati ni kiza. Ndiyo maana karatasi ya ultrasaundi inayosema tu "hakuna jiwe", bila kusema kama figo imejaa maji au la, huwa siiamini sana.

Sasa tuangalie uwezekano wa kutoka lenyewe. Karatasi yako ina vipimo viwili, 6 kwa 5. Kwa kawaida urefu hulala sambamba na mrija, na kinachobishana na mlango ni upana, yaani 5. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002, uliofuatilia wagonjwa waliopimwa kwa siti skani, ulikuta kwamba mawe ya milimita 5 hadi 7 yalitoka yenyewe kwa wagonjwa 60 hivi katika 100. Yaliyozidi milimita 9 yalitoka kwa 25 tu. Lakini ukayapanga mawe hayohayo kwa mahali badala ya ukubwa, yaliyokuwa juu ya ureta yalitoka kwa 48 katika 100, na yaliyofika mlango wa kibofu kwa 79. Siku ile ya ultrasaundi, mtu mwenye jiwe la "milimita 8 mdomoni mwa figo" ningemwambia ajiandae kwa lolote. Mtu mwenye jiwe la milimita 5 kwa upana, likiwa tayari limegonga hodi kwenye kibofu, namwambia kuna uwezekano mkubwa wa kulikojoa. Ni jiwe lilelile. Mawe ya milimita 4 hadi 6 huchukua wastani wa wiki tatu, mengine hufika siku 40, kwa hiyo wewe bado uko ndani ya muda.

Hilo la figo kujaa maji limetisha wengi, na naelewa. Maji hayo ni mkojo wako mwenyewe. Figo inaendelea kuutengeneza, njia ya chini imebanwa, basi unarudi nyuma na kutanua vyumba vya ndani ya figo, kama mfereji wa shamba ulioziba kwa majani: maji hayaharibiki, yanatuama. Madaktari huita haidronefrosisi na huipa viwango. Ikiwa kidogo, ni bakuli la katikati ya figo tu lililotanuka. Ikiwa ya wastani, hata vikombe vidogo vinavyolizunguka vimevimba. Ikiwa kubwa, nyama ya figo yenyewe imeanza kuwa nyembamba kwa kusukumwa, na hapo ndipo pa kuogopa kwa ajili ya figo. Wewe ulitoka wastani ukaja kidogo, maana yake mkojo umeanza kupenya pembeni ya jiwe. Ni dalili nzuri. Figo haiozi.

Ila usiishike sana hiyo namba ya kiwango. Ukubwa wa maji hauendani na ukubwa wa maumivu, na ultrasaundi ina mitego yake hapa. Mtu aliyebanwa na mkojo, amekunywa chupa mbili za maji kama alivyoambiwa akiwa kwenye foleni, anaweza kuonekana figo zake zimejaa kidogo hata kama hana jiwe lolote. Akikojoa na kupimwa tena, zimerudi sawa. Na kinyume chake kipo: mtu anayewahishwa ndani ya saa chache za mwanzo, au aliyekaukiwa na maji kwa kushinda juani na kutapika, figo yake inaweza kuonekana ya kawaida ilhali jiwe limebana.

Sasa nifike pale panaponitia wasiwasi kwenye barua yako, nako ni kwenye ile raha ya siku tano.

Maumivu ya jiwe hayatokani na kukwaruzwa, ingawa watu wengi hudhani hivyo. Yanatokana na mkojo kujikusanya ghafla na kuutanua mrija na figo kwa nguvu. Mgandamizo ukipungua, maumivu yanakwisha, na unaweza kupungua kwa sababu tatu. Moja, jiwe limetoka. Pili, jiwe liko palepale lakini mkojo umepata upenyo. Tatu, na hii ndiyo mbaya, njia imeziba kabisa na figo iliyochoka imepunguza kutengeneza mkojo, ikazoea. Ukikaa nyumbani huwezi kuzitofautisha hizi tatu kwa kujisikiliza. Figo iliyozibwa kabisa huanza kupoteza uwezo ambao haurudi wote baada ya wiki mbili hivi, na ikizibwa kwa muda mrefu zaidi hupotea kimyakimya. Nimewahi kumwona bwana mmoja aliyekuja miezi minane baada ya "kupona", akilalamikia kitu kingine kabisa, na figo yake ya kushoto ilikuwa mfuko wa maji wenye ganda. Jiwe lilikuwa bado limekaa chini, la milimita 7, wala halikuwa linamuuma.

Kwa hiyo mke wako ana haki. Lakini hofu yako ya mionzi nayo naiheshimu, na habari njema ni kwamba safari hii huhitaji kuanza na siti skani. Jiwe lako liko mahali ambapo ultrasaundi inapaona. Nenda ndani ya wiki hii, usisubiri mwezi uishe, na ubebe karatasi zote mbili pamoja na picha zenyewe kama ulipewa. Nenda kibofu kikiwa kimejaa kiasi, si cha kukutoa machozi. Mwombe mpimaji aangalie mambo haya kwa utaratibu: kwanza, kupitia kibofu, mwisho wa ureta ya kulia, kama jiwe bado lipo. Kama mashine ina doppla ya rangi, akiiwasha juu ya jiwe mara nyingi hutokea cheche za rangi mchanganyiko nyuma yake, na hizo humsaidia kulitofautisha na vitu vingine vyeupe. Doppla hiyohiyo huonyesha mkojo ukiruka ndani ya kibofu kutoka kila upande, kama bomba linalofunguliwa kwa vipindi. Akisubiri dakika chache akaona upande wa kulia unaruka sawa na wa kushoto, ujue njia haijaziba kabisa. Kisha ukakojoe, urudi, ndipo aangalie kama figo imebaki na maji.

Jiwe likiwa halionekani na figo imenywea, tunachukulia limetoka, pengine usiku ulipokwenda chooni gizani. Jiwe likionekana na maji ni kidogo, unaweza kuendelea kusubiri chini ya uangalizi wa daktari hadi wiki ya sita tangu lianze, si zaidi. Kwa jiwe la chini lenye ukubwa wa zaidi ya milimita 5, daktari anaweza kukuandikia tamsulosini, miligramu 0.4 kila siku, inayolegeza misuli ya mrija. Kwa mawe madogo kuliko hayo haina faida kubwa, na kwa lako lililo mpakani inafaa kujaribiwa. Inywe usiku, maana inaweza kushusha presha na kukuletea kizunguzungu ukisimama ghafla. Figo ikiwa imejaa zaidi ya ilivyokuwa siku ya 12, hapo kusubiri kumekwisha, unahitaji daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo. Na siku hizi jiwe la chini namna hii hufuatwa kwa kamera inayoingizwa kupitia njia ya mkojo, bila kupasuliwa tumbo.

Tangu leo kojolea kwenye kopo na uchuje kwa chujio la chai ambalo halitarudi jikoni. Jiwe likitoka linafanana na punje ya mchanga mkubwa wa kahawia, ukilipata lihifadhi kwenye kikopo kikavu. Maji kunywa ya kukufanya ukojoe mkojo mweupe, basi. Kujijaza lita nne kwa mkupuo wakati maumivu yamepamba moto hakulisukumi jiwe, kunaongeza mgandamizo tu. Najua Newala maji ni ya kununua, kwa hiyo nisikutume kuyapoteza.

Sasa ule mto Ruvuma. Sikutarajia uutaje, lakini umefanya vizuri sana. Kukojoa damu utotoni kwa mtu aliyekoga kwenye maji ya mabondeni ya kusini mara nyingi ni kichocho, na kichocho cha njia ya mkojo hutaga mayai kwenye ukuta wa kibofu na mwisho wa ureta, yaani mlangoni palepale lilipokaa jiwe lako. Miaka ikipita, kovu hubaki na mlango unasinyaa. Hii inabadilisha hesabu niliyokupa. Zile 79 katika 100 zilitoka kwa watu ambao milango yao haikuwa na makovu. Na ikitokea jiwe limetoka lakini figo bado imejaa maji, wengine watakuambia subiri itanywea, ilhali kinachobana si jiwe bali kovu. Mweleze daktari habari hii kabla hajauliza. Aangalie tena picha za siti skani kama ukuta wa kibofu una mstari mweupe wa chokaa, alama ya kichocho cha zamani ambayo mtu anayetafuta jiwe peke yake anaweza kuipita. Akiwa na shaka, mkojo upimwe mayai.

Hapo ndipo siti skani ya pili inaweza kuhitajika: ultrasaundi ikikuta maji bila kuona sababu. Ikifika huko, uliza kama mashine inaweza kuwekwa kwenye dozi ndogo ya kutafutia mawe. Siti skani ya kawaida ya tumbo hukupa mionzi ya milisiverti 10 hivi. Ya dozi ndogo huwa chini ya 3 au 4, na kila binadamu duniani hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, angani na chakula, bila kupimwa popote. Haihitaji sindano ya dawa ya rangi. Picha zake zina chengachenga, lakini jiwe ni jeupe sana kiasi kwamba chenga hazilifichi. Inashindwa zaidi kwa mtu mnene sana, na kwa vijiwe vidogo chini ya milimita 3, ambavyo hata hivyo hutoka vyenyewe. Mkeo angekuwa mjamzito na jiwe ni lake, ningesema vingine.

Kuna jambo moja halisubiri miadi. Ukipata homa au kutetemeka kwa baridi jiwe likiwa bado halijathibitika kutoka, usinunue dawa ya mseto ukidhani ni malaria na kulala. Sijui ni wangapi huku kwetu wamechelewa kwa njia hiyo. Pima malaria, ndiyo, lakini pima ukiwa hospitali na useme neno la kwanza kwamba una jiwe kwenye ureta. Mkojo uliotuama nyuma ya jiwe ukiingia wadudu unakuwa usaha wenye mgandamizo, na antibiotiki peke yake haiufikii; inabidi mrija uwekwe kuutoa siku hiyohiyo, jiwe lenyewe litashughulikiwa baadaye. Vivyo hivyo ukikosa mkojo kabisa, au ukatapika usiweze kushika hata maji. Na kabla hujaendelea na sindano au vidonge vya diklofenaki kila maumivu yakija, hakikisha umepimwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kwa sababu dawa hiyo nzuri kwa jiwe inaweza kuiumiza figo iliyokwisha kudhoofika.

Lile la kushoto usilipe usingizi wako. Limekaa ndani ya figo, karatasi zako hazikutaja maji kwenye figo hiyo, na halikuwa na kosa lolote usiku ule. Liangaliwe kwa ultrasaundi baada ya mwaka, na ukiambiwa limekua kuwa milimita 5, kumbuka ulikwisha kuambiwa hivyo.